Mahudhurio na Wahudhuriaji

Tangazo la kazi aliliona wifi yangu kabla yangu, na hilo lisikushangaze. Mtu anayekutaka uhame nyumbani kwake husoma matangazo ya kazi kwa macho makali kuliko wewe mwenyewe.

"Wifi, njoo usome," aliniita kutoka jikoni, simu mkono mmoja, kitunguu mkono wa pili. "Afisa Programu. Uzoefu wa miaka mitano katika kuandika ripoti za ruzuku na kushirikisha jamii. Si wewe huyu? Wamekosea tu hawakubandika picha yako."

Nilisoma. Kweli nilikuwa mimi. Shirika kubwa, ofisi yenye lifti, mkataba wa miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimetimiza miezi minane bila kazi na nilikuwa nalala sebuleni kwa kaka, nyuma ya kochi, na binti yangu ananipiga mateke ya mbavu hadi asubuhi. Nyumba yenyewe haikuwa ya kaka. Ilikuwa ya mwajiri wake, naye kaka alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi ujao. Yeye na mkewe na watoto walikuwa wamepata vyumba viwili mtaa wa nyuma. Vyumba viwili, hesabu mwenyewe tulivyobaki mimi na binti. Hakuna aliyeniambia "ondoka". Kaka alikuwa akinitazama tu kisha anatazama kochi, kama mtu anayepima.

Walitaka vitu vinne: wasifu, barua, majina ya wadhamini watatu, na sampuli ya maandishi, yaani ripoti kwa mfadhili uliyoiandika wewe mwenyewe, majina ya siri yamefutwa.

Ripoti ninazo. Miaka sita nilikuwa mratibu wa jamii kwenye shirika dogo, dogo kiasi kwamba mkurugenzi ndiye aliyekuwa akifungua geti. Mradi wetu wa mwisho ulikuwa wa wajawazito. Kila mwezi tulikutana nao kwenye varanda ya zahanati: dalili za hatari, chakula, nani atakupeleka hospitali uchungu ukianza. Wahudumu wa kujitolea waliwatembelea nyumbani, tangu mimba ya miezi mitatu mpaka mtoto afikishe miezi sita. Mimi ndiye niliyezunguka na daftari na karatasi za kusaini, mvua na jua, hadi wanawake wakanibandika jina: Mama Mahudhurio. "Ficheni sukari, Mama Mahudhurio anakuja, ataisainisha!"

Nikachagua ripoti ya mwisho wa mradi. Kurasa thelathini na moja, picha sita, majedwali yasiyoteleza nje ya ukurasa. Nzuri kweli. Nilipoanza kuandika barua, wifi alisimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani.

"Umeandika 'nilisaidia kuandaa ripoti'. Ulisaidia nini? Ulisaidia kubeba?"

"Niliandika mimi, lakini mkurugenzi alipitia."

"Basi andika uliandika. Wenzako huko wanaandika 'niliongoza mkutano' na walichoongoza ni katoni za maji. Futa hapo. Weka: 'Ripoti niliyoiandaa mwenyewe kikamilifu.'"

Nikafuta. Nikaweka. Tena nikaongeza kwamba nilisimamia takwimu zote. Ukishaanza kujisifu, ulimi unateremka wenyewe.

Wiki mbili baadaye nikaitwa kwenye usaili.

*

Tulianza na mtihani wa kuandika, watu wanane, kila mmoja na kompyuta yake na baridi ya kiyoyozi. Walitupa mradi wa kubuni na kutuambia tueleze kwa nini robo ya shughuli hazikufanyika na tumwambie nini mfadhili. Kijana wa kulia kwangu alikuwa anaandika kwa kasi ya mvua ya mawe. Mimi nikaandika polepole: kilichopangwa, kilichofanyika, kwa nini tofauti, tunarekebishaje, na ushahidi uko wapi. Mfadhili hachukii kushindwa, anachukia kushtukizwa. Hilo nililijua kwa miaka sita ya kushtukiza na kushtukizwa.

Saa tano wakaniita ndani. Watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mama wa Rasilimali Watu, mwenye sauti ya nesi anayekuambia haitauma. Mkuu wa Programu, mama mwembamba aliyekuwa na kalamu tatu za rangi tatu. Na mwanamume mmoja wa makamo, msimamizi wa ruzuku, ambaye hakujitambulisha zaidi ya kusema, "Mimi ni wa ruzuku." Moyoni nikamwita Bwana Ruzuku, na mpaka leo silijui jina lake vizuri. Mbele yake palikuwa na ripoti yangu, imechapwa, imebandikwa vikaratasi vya njano kama mtu aliyejikata wakati wa kunyoa.

"Tuambie," Mkuu wa Programu alianza, "wakati ambapo jamii iliukataa mradi wako, na ulifanyaje."

Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Swali hilo ningeweza kulijibu nimelala.

Niliwaambia kwamba miezi mitatu ya kwanza varanda ilikuwa tupu. Tukasema ni waume wanakataza. Tukaita mkutano wa waume, wakaja, wakanywa soda, wakasema hawana neno. Varanda bado tupu. Tukaweka sanduku la maoni lenye kufuli. Baada ya wiki sita nililifungua nikakuta kifungo cha shati, maganda mawili ya pipi na karatasi moja: "Mwambieni nesi awe anacheka."

Mama wa Rasilimali Watu akacheka. Mkuu wa Programu akaandika kwa kalamu ya kijani.

"Ndipo mwanamke mmoja wa kikundi akaniambia: wewe unawaita waume, nani alikuambia waume wana habari? Kamwite mama mkwe. Mama mkwe ndiye anayesema leo hakuna kutoka, leo kuna kuni. Tukaanza kikao cha mama wakwe peke yao. Viti vya mbele vyao, nesi anawaamkia kwanza wao. Tukawauliza wao walijifunguaje, nani walimpoteza. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwezi uliofuata waliwaleta wakwe zao wenyewe, wengine wamewashika mikono."

"Huyo mwanamke aliyekushauri," Mkuu wa Programu akauliza, "alikuwa nani kwenye mradi?"

"Katibu wa kikundi. Tulimwita Kalamu."

Nikaishia hapo. Kalamu alikuwa na mwandiko kama wa kitabu cha darasa la kwanza, na ndiye aliyenisaidia kuandika majina. Alikuwa na mimba ya nne mradi ulipofungwa. Mfadhili hakutoa awamu ya pili. Barua iliyobandikwa ofisini kwetu ilisema "vipaumbele vimebadilika". Wahudumu wakaacha kutembelea, simu ya mradi iliyokuwa na namba za madereva ikarudishwa ofisini, ikafungiwa kabatini. Kalamu alijifungua nyumbani siku ya Jumanne mchana, damu haikukata, na mama mkwe wake alikimbia barabarani akisimamisha kila kitu chenye matairi. Gari lililosimama lilikuwa limechelewa. Nilimlaani yule mfadhili wiki nzima, kwa jina na bila jina. Kwenye usaili sikuyasema haya. Usaili si msiba.

"Asante," Mkuu wa Programu akasema. "Hilo ni jibu zuri sana." Akamgeukia jirani yake. "Ruzuku?"

Bwana Ruzuku akafungua kikaratasi cha kwanza cha njano.

"Ripoti imeandikwa vizuri," alisema. "Nimeifurahia. Naomba tusome pamoja. Ukurasa wa pili, maelezo ya eneo. Kata ina watu wangapi?"

"Elfu tisa na mia sita."

"Wote?"

"Wote."

"Vikongwe, vichanga, waume, walevi."

"Walevi tuliwahesabu mara moja tu," nikasema, "ingawa wao wenyewe wanajiona wawili wawili."

Mama wa Rasilimali Watu akafunika mdomo. Bwana Ruzuku hakucheka.

"Ukurasa wa tisa. Jedwali la nne. Nisomee safu ya mwisho, na kichwa chake."

Nikafungua nakala yangu. Nikasoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa. "Wahudhuriaji wajawazito, miaka miwili. Elfu nne mia mbili na kumi na mbili."

Kiyoyozi kikaguna.

"Karibu nusu ya kata," alisema. "Pamoja na walevi."

Ngoja nikueleze, maana kosa hili halionekani mpaka ulitazame. Mwanamke mmoja akija varandani mwezi huu anasaini. Akija mwezi ujao anasaini tena. Akija miezi kumi na miwili, ana saini kumi na mbili, lakini bado ni mwanamke mmoja mwenye tumbo moja. Zile saini zote ukizijumlisha unapata mahudhurio. Ukitaka wahudhuriaji, inabidi ukae na daftari uhesabu majina, kila jina mara moja. Mimi nilivyoandika kwenye jedwali langu, kwa mkono wangu, ilikuwa "Mahudhurio: 4,212", na chini yake mstari mwingine: "Wanawake: 347". Mkurugenzi alipopitia, mstari wa chini uliondoka, na neno la juu likabadilika kidogo. Herufi chache tu. Hata kikagua tahajia hakikupiga mstari mwekundu. Kwa kompyuta, maneno yote mawili ni Kiswahili safi.

"Lengo lilikuwa wanawake mia saba," Bwana Ruzuku akaendelea. "Kwa hiyo mlilipita mara sita."

"Hatukulipita," nikasema.

Mkuu wa Programu akaweka kalamu ya kijani chini. Akachukua nyekundu.

"Hiyo ni mahudhurio," nikasema. "Si watu. Watu ni mia tatu arobaini na saba."

"Unaijua namba hiyo kwa kichwa?"

"Ninawajua kwa majina."

"Mia tatu arobaini na saba," alirudia polepole, kama mtu anayesoma namba ya kitanda wodini. "Chini ya nusu ya lengo. Kwa hiyo wakati mradi unafungwa, wanawake wengi zaidi walikuwa bado kuliko waliofikiwa."

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Niseme jambo, ili lisiwe siri mezani. Kabla ya kuja shirika hili nilifanya kazi kwa mfadhili wenu. Majina umeyafuta, lakini picha ya varanda naijua. Ripoti hii niliipokea mimi. Dokezo la kutotoa awamu ya pili niliandika mimi. Nakumbuka sentensi yake: lengo limepitwa mara sita, eneo halina tena uhitaji, fedha zielekezwe kwingine."

Sikusikia kilichofuata mara moja. Barua ya ukutani ilisema vipaumbele vimebadilika. Kumbe kipaumbele kilichobadilika kilikuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa kwenye ripoti yangu, nami niliibeba kwa mikono yangu miwili kuja kuombea kazi. Kuna watu huiba wakakimbia. Mimi nilirudi na kitu chenyewe nikakiweka mezani na kusema, tazameni kilivyo kizuri.

"Unajisikia vizuri?" Mama wa Rasilimali Watu aliuliza. "Maji?"

"Niko sawa, mama."

"Kwenye barua yako," alisema Mkuu wa Programu, naye alikuwa ameshaifungua, "umeandika kwamba ripoti umeiandaa mwenyewe kikamilifu, na kwamba ulisimamia takwimu zote."

Wifi, Mungu akuone.

"Niliiandika mimi. Neno hilo kwenye jedwali hakuliweka mkono wangu. Mimi niliandika mahudhurio. Lilibadilishwa kwenye mapitio."

"Na nani?"

"Mkurugenzi."

"Ambaye ndiye mdhamini wako wa kwanza."

"Ndiye."

Akaandika. Nyekundu. Kisha akainua kichwa na kunitazama usoni, si kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananifungulia mlango. Mtu mwingine angeuona mpana kama geti la uwanja wa mpira.

"Mabadiliko hayo," alisema, "uliyaona kabla ripoti haijatumwa?"

Sasa nikwambie ukweli wa siku ile. Mkurugenzi alikuwa ameniita ofisini kwake nibane nakala tatu za mwisho. Ripoti mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mkataba wangu mpya wa miezi mitatu, bado hajausaini. Nilipofika ukurasa wa tisa niliona. Nilisimama na kibanio mkononi. Nilijiambia, labda mkurugenzi anajua maana yake huko juu. Nilijiambia, mfadhili ataona mwenyewe, ana watu wa kusoma. Mkurugenzi akaniuliza, "Kuna shida?" Nikasema, "Hapana, mkuu." Nikabana. Akasaini mkataba. Tukanywa chai, na ilikuwa na maziwa mengi.

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, hapana. Hakuna shahidi. Lawama yote ingemwendea mkurugenzi, naye anastahili kiasi chake. Nikafikiria kochi la kaka. Nikafikiria binti yangu na vyumba viwili visivyo na nafasi yake. Nikamfikiria pia mama mkwe wa Kalamu pale barabarani, mikono juu, kitenge kimeanguka, na magari yanampita.

"Ndiyo," nikasema. "Niliona."

"Na ulifanya nini?"

"Nikabana pini."

Hawakuelewa. Ikabidi nieleze. Nikaeleza kila kitu, pamoja na chai.

Mkuu wa Programu alifunga kalamu zote tatu. Mama wa Rasilimali Watu akaniuliza kama nina swali lolote kwa jopo. Ni desturi yao, lazima waulize, hata nyumba ikiwaka.

"Sina," nikasema. "Nilikuwa nalo moja kuhusu likizo, lakini naona limejijibu."

*

Bwana Ruzuku alinikuta kwenye lifti. Nilikuwa nimebonyeza kitufe nikasahau kwamba nimebonyeza, lifti imekuja imeondoka.

"Dada," alisema. "Samahani."

"Kwa lipi? Wewe umesoma kilichoandikwa."

"Ndiyo shida yenyewe." Alishika miwani yake kama mtu asiyejua pa kuiweka. "Ukurasa wa pili niliusoma. Wa tisa niliusoma. Sikuzisoma siku moja. Nilikuwa na ripoti kumi na nne juu ya meza, na hiyo yenu ndiyo iliyokuwa na habari njema. Habari njema mtu haichunguzi. Nilipoiona tena juzi, kwenye maombi yako, ndipo nikazitazama kurasa mbili pamoja."

"Na ukasubiri uniulize mbele ya watu."

"Ningekuuliza wapi?"

Kweli, angeniuliza wapi. Lifti ikarudi. Nikamwambia kuhusu Kalamu. Sikupanga. Nilimwambia kwa maneno machache, Jumanne, mchana, damu, barabara. Alisikiliza mpaka mlango wa lifti ulipoanza kujifunga, akauzuia kwa mguu.

"Nilisaini mimi," alisema.

"Mimi nilibana," nikasema. "Na mkurugenzi aliandika. Tuko watatu. Wewe unarudi ofisini kwako, yeye yuko ofisini kwake. Hebu toa mguu, na mimi niende kochini kwangu."

Akautoa.

*

Mama wa Rasilimali Watu alinipigia mwenyewe siku ya nane. Wengine hutuma ujumbe, au hawatumi kabisa, unajua umekosa kwa kumwona mwenzako amevaa kitambulisho. Yeye alipiga. Nilikuwa nafungasha vyombo vya wifi kwenye magazeti.

"Nilitaka usikie kutoka kwangu," alisema. "Mtihani wa kuandika ulikuwa wa kwanza. Sehemu ya jamii ulikuwa wa kwanza pia, tena kwa mbali."

"Lakini."

"Lakini nafasi ina mamlaka juu ya fedha za wafadhili. Aliyekiri kujua ripoti si sahihi na akaiacha iende, taratibu zetu haziniruhusu kumpitisha. Mkuu wa Programu alibishana sana, nikwambie. Haikusaidia."

"Na mkurugenzi wangu? Mlimpigia?"

"Mdhamini alisema takwimu zote zilikuwa chini yako. Na kwenye barua yako wewe mwenyewe umeandika hivyo."

Hapo nilicheka, kicheko cha kweli, hadi wifi akatoka chumbani kuona kuna nini.

"Tumelazimika pia kumjulisha mfadhili wa zamani," Mama wa Rasilimali Watu akaendelea. "Wataifungua faili. Huenda wakakuita."

"Watarudisha mradi?"

"Sijui, mwanangu. Kwa kawaida huanza kwa kusimamisha malipo yaliyopo kwa shirika lenu."

Yaliyopo ni watu wanne: mhasibu, dereva na mhudumu wa ofisi, niliokula nao chakula cha mchana miaka sita kwenye sufuria moja, na dada wa takwimu aliyeajiriwa juzi. Nikawaona mmoja mmoja wakisoma barua ukutani.

"Nikuulize," nikasema. "Kama ningesema sikuona?"

"Usiniulize hilo," alisema. Akanitakia kila la heri, na nadhani alimaanisha.

Wifi alikuwa bado amesimama mlangoni, vikombe vinne mikononi, vidole viwili kwenye kila mpini.

"Wamekunyima."

"Wamemchukua mwingine."

"Yule kijana wa mvua ya mawe?"

"Huenda."

Akakaa chini kwenye zulia, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya magoti. Nilisubiri kejeli, maana wifi yangu hata kwenye mazishi hana breki. Haikuja. Akachukua gazeti akafunga kikombe, akachukua jingine akafunga kingine.

"Ni ile barua," alisema mwisho. "Nilikwambia ufute 'nilisaidia'."

"Hukunishika mkono, wifi. Vidole vilikuwa vyangu."

"Nilikutaka uondoke, ndiyo. Lakini uondoke na kazi." Akaipangusa pua kwa kiganja. "Mwambie mtoto alale na wanangu kule. Watabanana, watazoea. Wewe sijui tukuweke wapi. Nimezunguka vile vyumba na kamba ya kupimia. Sijui, kweli."

"Rafiki yangu wa zahanati ana chumba cha stoo."

"Stoo yenye dirisha?"

"Yenye mlango."

Tukafungasha. Alasiri akaniletea simu yake tena, kimyakimya safari hii, akaiweka juu ya goti langu. Tangazo jingine. Shirika jingine. Mratibu wa miradi, ripoti za ruzuku, kushirikisha jamii. Maombi yalikuwa kwa fomu ya mtandaoni, maswali ya kuchagua, huwezi kusonga mbele bila kujibu. Jina, umri, elimu, miaka ya uzoefu. Nikafika swali la saba: idadi ya wanufaika wa mradi mkubwa zaidi uliowahi kuusimamia. Chaguo la kwanza, kati ya mia tano na elfu moja. La pili, kati ya elfu moja na elfu tano. La tatu, zaidi ya hapo.

Miradi mingine yote ya miaka ile sita ilikuwa midogo kuliko ule wa wajawazito. Huo ndio uliokuwa mkubwa wangu. Nikapandisha fomu, nikaishusha, labda kuna chaguo la chini ya mia tano limejificha.

Wifi aliinama juu ya bega langu. "Chagua la pili. Elfu nne si iko hapo? Nani atahesabu?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Sitakudanganya, kilikaa pale muda. Kisha kioo kikazimika chenyewe, kama simu za watu wengine zinavyofanya usipoamua haraka, na nikaona uso wangu humo, na wa wifi nyuma yake, umechoka kuliko wangu.

"Hakuna sehemu yangu," nikamwambia, nikamrudishia simu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisogezee hilo beseni. Sahani hatujazifunga hata moja."